Mkono wa mtu usiachiwe mashine

Vijana wenzetu, na ninyi mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, siku hizi kwenye magrupu zinapita picha za kambi zenye mikono ya ajabu. Mama ameshika kikombe na vidole sita. Kijana anapokea cheti, kidole gumba kimeota upande usio wake. Watu wanacheka, halafu wanasema "hii ni feki", kumbe yule mama yupo na uji alikunywa kweli. Sisi tunaotengeneza picha kwenye kituo cha vijana tuna msimamo wetu: mashine isipewe mkono wa mtu. Na mkono ukishaharibika, usiiombe mashine iuchore tena na tena. Rudisha ule wa kweli.

Kwanza tuelewe unaharibika kwa nini. Generative Fill ni kazi ya Photoshop iliyoanza kutolewa 2023. Unazungushia sehemu ya picha, unabonyeza, na mashine inajaza pale kitu kipya. Wengi wanadhani inafuta kitu kimoja na kuviacha vingine. Hapana. Chochote kilicho ndani ya mstari wako kinachorwa upya, hata kama ni ncha ya kidole iliyoingia kidogo tu. Mashine inakuta kidole kimekatwa kwenye mpaka, basi inaanza kukisia kinaendelea wapi.

Na inakisia kwa mazoea, siyo kwa kuhesabu. Imefundishwa kwa picha nyingi mno. Uso kila siku una mpangilio uleule: macho juu, pua katikati, mdomo chini. Lakini mkono leo umekunja ngumi, kesho umeshika jembe, vidole viwili vinaonekana na vitatu vimejificha. Kwa hiyo mashine imezoea kwamba pembeni ya kidole huwa kuna kidole kingine, ila hakuna kinachoiambia isimame kwenye tano. Haijui kwamba ndani kuna mifupa na viungo.

Sababu ya pili ni udogo. Nyingi za mashine hizi hazichori nukta kwa nukta, zinaibana picha kwanza. Chukua Stable Diffusion ya 2022: picha ya nukta 512 kwa 512 inabanwa kuwa gridi ya 64 kwa 64. Yaani kila kisanduku kinabeba nukta 8 kwa 8. Sasa kwenye picha ya watu ishirini mbele ya darasa, kidole kinaweza kuwa na upana wa nukta kumi tu. Kinapata kisanduku kimoja na kipande. Hapo vidole viwili vinayeyuka na kuwa kimoja, na ndiyo maana picha za kundi zinaharibika kuliko picha ya mtu mmoja aliye karibu.

Tuje kwenye mfano wa yule mama wa kikombe. Nyuma ya mkono wake kulikuwa na mfuko mwekundu wa plastiki, ukatakiwa uondoke. Mstari ukazungushwa kwa haraka, ukachukua mfuko pamoja na nusu ya vidole. Mfuko ukatoka vizuri, lakini vidole vikawa sita na kimoja kikazama ndani ya kikombe.

Dawa yake haihitaji mashine. Photoshop haiweki jibu lake juu ya picha yako moja kwa moja. Inaliweka kwenye tabaka lake la peke yake, na pembeni ya tabaka hilo kuna maski, kile kiboksi cheusi na cheupe. Penye nyeupe jibu la mashine linaonekana, penye nyeusi linajificha. Picha ya asili bado iko chini, haijaguswa.

Basi bonyeza kile kiboksi cha maski. Bonyeza B upate brashi, chagua rangi nyeusi, na fanya brashi iwe nyembamba kuliko kidole. Kuza picha, kisha paka taratibu juu ya mkono ulioharibika. Utaona vidole vya mama vinarudi kimoja kimoja. Ukipitiliza na ule mfuko mwekundu ukaanza kuchungulia, bonyeza X rangi iwe nyeupe, upake pale pale. Kama kati ya vidole kumebaki wekundu, zungushia kale kanafasi tu, mstari usiguse ngozi, ujaze hapo peke yake. Kazi yote ni ya dakika chache.

Ikiwa umetumiwa picha ya JPG tu, matabaka hayapo tena. Kwanza mtafute aliyepiga, simu yake mara nyingi bado ina ile ya asili. Ukiipata, ifungue, iweke chini ya ile iliyoharibika, zilingane, kisha tumia maski vilevile. Ukiikosa kabisa, usizungushie mkono mzima. Zungushia kile kidole cha ziada peke yake na uache sehemu ya maneno wazi. Kuondoa kidole ni rahisi kuliko kuchora mkono, kwa sababu kilicho pembeni, ukuta au nguo, kinaionyesha mashine ijaze nini. Lakini ujue hapo unapata picha isiyochekesha tu, mkono wenyewe haujarudi.

Na kama mkono haukuwepo tangu mwanzo, kwa mfano picha ilikatika kwenye kifundo na mtu anataka kuipanua? Tunasema usipanue. Kata picha mpaka kwenye kiwiko, au piga nyingine.

Kabla ya kutuma, kuza picha uangalie kila mkono. Hesabu vidole. Tazama viungo: gumba lina vipande viwili, vingine vitatu. Angalia gumba liko upande gani, na kama kidole kinapita juu ya kikombe au kinaingia ndani yake.

Sasa kuna wanaosema, "Sisi hatuna shida, mashine mpya siku hizi zinatoa vidole vitano safi." Ni kweli zimeboreka. Lakini kwetu hapo ndipo hatari inapozidi. Tuna mzee hapa, fundi viatu, aliyepoteza vidole viwili vitani. Katika picha yake moja, mtu alifuta waya uliopita mbele ya mkono, na mashine ikampa vidole vyote vitano, vizuri kabisa. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyegundua. Mzee mwenyewe ndiye aliyeonyeshwa simu akauliza, "Huyu ni nani?"

Mkono wa vidole sita unajisema wenyewe. Mkono mzuri wa uongo unanyamaza. Picha hizi zinaingia kwenye ripoti, na anayezisoma yuko mbali, hatamwona mzee wala kiti chake cha kazi. Akiona mkono mzima, ataamini ni mzima.

Kwa hiyo wenzetu wa mashirika, mkitutumia picha za kusafisha, tutumieni ile ya asili pia. Na vijana, kabla hujazungushia chochote, tunza kopi ya picha, kisha pitisha mstari mbali na ngozi. Kama kitu hakiwezi kuondolewa bila kugusa mkono, kibaki. Mfuko mwekundu nyuma ya mama haumdanganyi mtu yeyote.