Deni la Mwajiri Lisilipwe na Mama Mzazi

Mwanamke aliyeajiriwa katika sekta binafsi nchini Tanzania hukatwa mchango wa hifadhi ya jamii kabla hajaushika mshahara wake. Hana hiari katika jambo hilo, na kiasi kilichokatwa huandikwa kwenye hati yake ya mshahara. Hata hivyo, siku anapofika NSSF kudai fao la uzazi, kinachohesabiwa ni kile kilichoingia katika kumbukumbu za Mfuko, wala si kile alichokatwa. Baina ya kukatwa na kuingia amesimama mwajiri. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huu unamwadhibu mama kwa kosa la mtu mwingine, na kwamba sheria zetu zenyewe zimekwisha kutuonyesha njia ya kuurekebisha.

Masharti ya fao hilo si mengi. Mwanachama awe amechangia miezi isiyopungua 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 inayotangulia kujifungua. Awe na uthibitisho wa daktari kuhusu mimba na tarehe ya matarajio. Akitimiza hayo, hulipwa wastani kamili wa mshahara wake wa siku kwa wiki 12, yaani nne kabla ya kujifungua na nane baada yake. Wastani huo hutokana na mapato ya miezi sita iliyotangulia wiki ya 20 ya mimba.

Kwa hiyo tarehe ya matarajio ina kazi mbili. Kwanza, inaonyesha hesabu ya michango isimame wapi. Pili, kwa kurudi nyuma kutoka hapo, inaonyesha wiki ya 20 ilikuwa lini, na hivyo ni mishahara ipi itakayopimwa. Tarehe hiyo ikisogezwa, haki nzima husogea nayo.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye hesabu halisi. Mfanyakazi ameanza kazi tarehe 1 Oktoba 2022 kwa mshahara wa shilingi 600,000. Mchango wake ni asilimia 20, sawa na shilingi 120,000 kwa mwezi, na nusu yake, shilingi 60,000, hukatwa mfukoni mwake. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ni 10 Januari 2025. Muuguzi anaongeza siku 280 na kuandika kwenye kadi ya kliniki: 17 Oktoba 2025. Kufikia siku hiyo amefanya kazi miezi 36 kamili, kuanzia Oktoba 2022 hadi Septemba 2025. Wiki ya 20 inaangukia mwishoni mwa Mei, hivyo miezi sita iliyokamilika kabla yake ni Novemba 2024 hadi Aprili 2025. Jumla ya mishahara hiyo ni shilingi 3,600,000. Ukiigawa kwa siku 181 kisha ukaizidisha kwa siku 84, fao linakaribia shilingi 1,670,000.

Sasa tazama linavyoweza kupotea. Mwajiri alikata michango ya Julai, Agosti na Septemba 2023 lakini hakuiwasilisha. Taarifa ya michango inasomeka miezi 33. Mfanyakazi alikuwa kazini miezi yote, na shilingi 180,000 zake zimekaa kwa mwajiri, lakini sharti la miezi 36 halijatimia. Aliyezuia 180,000 ndiye aliyemnyima karibu milioni moja na laki saba.

Hata mwajiri aliye mwaminifu hamwokoi kila wakati. Sheria inampa mwezi mmoja baada ya mwisho wa mwezi wa mshahara kuwasilisha mchango, hivyo mchango wa Septemba unaweza kufika mwishoni mwa Oktoba bila kosa lolote, wakati mtoto amekwisha kuzaliwa. Anayesoma kumbukumbu bila kuzingatia hilo ataona miezi 35.

Tatizo la pili liko kwenye tarehe yenyewe. Tuseme mama huyu alipigwa picha ya ultrasaundi mwezi wa nane wa mimba, na mashine ikatoa tarehe ya 26 Septemba, wiki tatu kabla ya ile ya kliniki. Kwa tarehe hiyo, mwezi wa Septemba haujakamilika na mwezi wa 36 unatoweka. Karatasi ya mashine ina mvuto wake mezani kuliko mwandiko wa muuguzi, lakini utaalamu unasema kinyume. Ultrasaundi ya kabla ya wiki ya 14 hukisia umri wa mimba kwa tofauti ya takriban wiki moja. Ile ya miezi mitatu ya mwisho hupima mtoto ambaye tayari ana maumbile yake, mkubwa au mdogo, na inaweza kukosea kwa wiki tatu. Mama akiikumbuka vyema hedhi yake ya mwisho, tofauti ya siku 21 katika hatua hiyo haitoshi kuibadili tarehe ya awali.

Najua jibu la watetezi wa utaratibu huu: udanganyifu upo. Ni kweli. Kuna waajiri wa kujuana wanaoweza kumsajili ndugu aliyekwisha kuwa mjamzito, wakalipa miezi ya nyuma kwa mkupuo, au wakapandisha mshahara ghafla. Ndiyo maana naona busara katika kupima mishahara ya kabla ya wiki ya 20, kwa kuwa mimba inapoonekana wazi, miezi inayohesabika imekwisha kupita. Lakini udanganyifu wa namna hiyo una alama zake, nazo ni malipo ya miezi mingi yaliyoingia siku moja na mshahara ulioruka bila cheo kubadilika. Kodi ya mshahara hupelekwa TRA kila mwezi, na mshahara hupita benki. Kazi ya kweli huacha nyayo katika sehemu hizo, na Mfuko una uwezo mkubwa wa kuzifuata kuliko mama mwenye kichanga cha wiki mbili.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana ofisi humwambia mama, bila kuona uzito wake, "Nenda kwa mwajiri wako akarekebishe." Anaambiwa akamdai mtu ambaye ndiye anayejaza sehemu ya fomu yake na ndiye atakayempokea kazini baada ya likizo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha kulitambua tatizo la aina hii. Kifungu chake cha 15 kinasema kwamba katika shauri, mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi ya kazi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Anayetunza kumbukumbu ndiye anayebeba hasara ya kukosekana kwake. Kwa nini kanuni hiyo iishie mlangoni mwa NSSF?

Nadai mambo mawili. Mwezi ambao hati ya mshahara inaonyesha makato uhesabiwe kuwa umechangiwa, mama alipwe kwa wakati, kisha Mfuko umdai mwajiri kwa nyongeza ambayo sheria tayari inamtoza anayechelewesha. Pili, tarehe iliyoandikwa mapema zaidi kwenye kadi ya kliniki ndiyo isimame, na picha ya miezi ya mwisho isitumike kumnyima mtu haki.

Mpaka hayo yatimie, mfanyakazi na aombe taarifa yake ya michango kabla ya wiki ya 20, ailinganishe mwezi kwa mwezi na hati zake za mshahara, na alalamike kwa maandishi. Sheria hiyo ya kazi inamtaka ampe mwajiri taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, na nakala iliyogongwa mhuri siku hiyo ni ushahidi wa tarehe ulioandikwa kabla mtu yeyote hajajua fao litabishaniwa. Lakini kuwa na hati hizo kusigeuzwe sharti jipya. Aliyekatwa amekwisha kulipa.