Dawa inapoondolewa sokoni: tangazo lifike hadi kabatini nyumbani

Tarehe 10 Aprili 2024, mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kuondoa sokoni bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin Paediatric. Namba ya bechi ilikuwa 329304. Dawa hiyo ya maji, ya chupa ya mililita 100, ilitengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Johnson & Johnson mwezi Mei 2021. NAFDAC ilisema vipimo vya maabara yake vimeonyesha kemikali ya daiethilini glaikoli kwa kiwango kisichokubalika.

Siku chache tu baadaye habari ilikuwa imefika kwetu. Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya iliagiza bechi hiyo irudishwe, na Tanzania nayo ikaanza kuisaka. Mamlaka ya Afrika Kusini, SAHPRA, ilieleza kwamba dawa hiyo ilikuwa imesambazwa Afrika Kusini, Eswatini, Rwanda, Kenya, Tanzania na Nigeria. Redio nyingi zilisoma habari hiyo kwa sentensi moja: dawa ya kikohozi ya watoto imeondolewa sokoni.

Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini mama aliye kijijini na chupa mkononi haimsaidii. Haimwambii kama chupa yake ndiyo yenyewe, afanye nini usiku huo, wala aipeleke wapi. Katika makala hii tunaeleza tangazo la namna hii linatakiwa kuwa na nini, na wewe msikilizaji ulifanyie nini ukilisikia.

Hitilafu yenyewe ni ipi

Dawa ya maji huhitaji kitu cha kuyeyushia viambato na kuipa uzito. Viwanda hutumia gliserini, sobitoli au propilini glaikoli, ambavyo ni salama vikiwa safi. Daiethilini glaikoli inafanana navyo: haina rangi, ni nzito kidogo na ina utamu. Ila kazi yake ni ya viwandani, kwa mfano katika vimiminika vya breki na vya kupozea injini. Inaweza kuingia kwenye dawa pale malighafi inapouzwa ikiwa imechanganywa au imebandikwa jina lisilo lake, na kiwanda kikaipokea bila kuipima kila pipa. Kipimo kinachokubalika kimataifa katika malighafi hizo hakizidi asilimia 0.10.

Kwa sababu ni tamu na haina rangi, huwezi kuitambua kwa kuonja, kunusa wala kutazama. Chupa nzuri na chupa mbaya zinafanana kabisa. Kitakachokuonyesha tofauti ukiwa nyumbani ni namba iliyopigwa chapa kwenye chupa au boksi lake.

Ikiingia mwilini kwa wingi, kemikali hiyo huharibu figo. Mtoto huanza kwa kuumwa tumbo, kutapika au kuharisha, dalili ambazo mzazi anaweza kudhani ni malaria au chakula kibaya. Kisha mkojo hupungua au hukatika kabisa, mtoto anaumwa kichwa, analegea na kuchanganyikiwa. Kukatika kwa mkojo ndiyo dalili ambayo tangazo la redio halipaswi kuiacha, kwa sababu mzazi yeyote anaweza kuigundua bila kifaa.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari tarehe 5 Oktoba mwaka huo kuhusu dawa nne za maji zilizotengenezwa na kampuni ya Maiden ya India. Kampuni ilikana kuwa dawa zake ndizo chanzo.

Katika suala la Benylin pia kulikuwa na ubishi. Kenvue, kampuni iliyorithi bidhaa hiyo kutoka Johnson & Johnson, ilisema imepima bechi hiyo na haikukuta kemikali hiyo. Kwa mzazi, ubishi wa maabara si sababu ya kuendelea kumpa mtoto dawa. Kuondoa bidhaa sokoni ni hatua ya tahadhari inayochukuliwa kabla ubishi haujaisha, kwa sababu figo la mtoto haliwezi kungoja majibu.

Kwa nini dukani hapatoshi

Tazama tarehe vizuri. Bechi 329304 ilitengenezwa Mei 2021 na muda wake wa matumizi ulikuwa unaisha Aprili 2024, mwezi uleule wa tangazo. Dawa iliyokaa sokoni karibu miaka mitatu kwa sehemu kubwa imeshauzwa. Iliyobaki huwa iko nyumbani: nusu chupa juu ya kabati, robo chupa iliyowekwa kwa ajili ya kikohozi kijacho, au chupa aliyopewa jirani.

Lakini matangazo ya mamlaka kwa kawaida huandikwa kwanza kwa waagizaji, wauzaji wa jumla, maduka ya dawa na hospitali. Wao wana vitabu vya kumbukumbu na wanajua walinunua nini kwa nani. Duka hutenga chupa zilizobaki, huzirudisha kwa msambazaji, naye huzirudisha kwa mwagizaji. Mnyororo huo unafanya kazi vizuri kwa chupa iliyo rafuni. Kwa chupa iliyouzwa bila risiti kwenye duka la dawa muhimu la kijijini, unakatikia hapohapo. Gambia waliliona hilo, na watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakapita nyumba kwa nyumba kuzikusanya.

Pale ambapo hakuna wa kupita nyumba kwa nyumba, redio ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo namba ya bechi isomwe polepole, tarakimu moja moja, na irudiwe. Tarakimu moja ina uzito. Afrika Kusini iliongeza bechi ya pili kwenye orodha yake, 329303. Aliyeandika namba ya tangazo la kwanza na asisikilize tena, angeweza kuiweka chupa ya pili akidhani ni salama. Tangazo la kuondoa bidhaa mara nyingi hufuatwa na jingine la kuongeza au kurekebisha, hivyo sikiliza tena kwa siku kadhaa zinazofuata.

Ukisikia tangazo, fanya hivi

Tuchukue mfano wa nyumba yenye chupa mbili za dawa ya kikohozi. Kwanza, acha kumpa mtoto zote mbili hadi utakapozikagua. Kisha zigeuze kwenye mwanga. Namba ya bechi, ambayo Tanzania huitwa pia namba ya toleo, huandikwa karibu na tarehe ya mwisho ya matumizi, mara nyingi ikitanguliwa na herufi B.N au LOT. Tarehe ya mwisho hutanguliwa na EXP. Usichanganye namba hiyo na namba ya usajili wa dawa wala na mistari ya kuchanganulia bei. Kama maandishi ni madogo, yapige picha kwa simu na uikuze.

Chupa ya kwanza ina namba iliyotajwa. Ifunge vizuri, iweke ndani ya mfuko, iandike "isitumike" na uiweke mbali na watoto. Usiimwage chooni wala mtoni, na usiitupe jalalani ambako mtoto mwingine anaweza kuiokota. Dawa iliyobaki ndani ndiyo itakayopimwa ikiwa kutatokea madhara.

Chupa ya pili ina jina lilelile lakini namba tofauti, na haijaisha muda. Tangazo hilo haliihusu. Hili nalo ni muhimu, kwa sababu tangazo lisilotaja namba huwafanya watu watupe dawa nzuri, au waogope dawa zote za maji. Ikiwa namba imefutika, au dawa ilimiminwa kwenye chupa nyingine isiyo na karatasi yake, ihesabu kama ile ya kwanza. Kitu usichoweza kukitambua usimpe mtoto.

Baada ya chupa, mtazame mtoto aliyekwisha kunywa. Kama anatapika, analegea, au umeona mkojo umepungua, nenda hospitali siku hiyohiyo na uende na chupa. Mwambie mhudumu alikunywa kiasi gani na lini mara ya mwisho. Usingoje ofisi ya dawa ifunguliwe.

Kupata haki yako

Chupa irudishe ulikoinunua, au kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Muuzaji aandike jina la dawa, namba ya bechi, idadi na tarehe uliyoirudisha, nawe ubaki na nakala au picha ya maandishi hayo. Kama huna risiti, ujumbe wa malipo ya simu unaonyesha siku uliyolipa na uliyemlipa. Hata aliyelipa taslimu bila risiti anapaswa kupokelewa chupa, kwa sababu lengo la kwanza ni kuitoa nyumbani.

Kuhusu pesa, matangazo mengi huwa mafupi sana au hukaa kimya. Ukimya huo haukuondolei haki. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa taarifa anazozihitaji, na kulipwa fidia ya hasara au madhara yanayotokana na kasoro ya bidhaa. Muuzaji akikataa kuipokea, toa taarifa kwa Bodi ya Famasia na Sumu ukiwa Kenya, au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ukiwa Tanzania. Malalamiko ya mlaji nchini Tanzania hupokelewa pia na Tume ya Ushindani.

Tangazo kamili halihitaji kuwa refu. Kwa dawa hii lingeweza kusomwa hivi: "Kama una chupa ya Benylin Paediatric, angalia namba ya bechi. Ikiwa ni 329304 au 329303, usimpe mtoto. Ifunge, usiimwage, irudishe dukani au kituo cha afya na udai pesa zako. Mtoto aliyeinywa akitapika au mkojo ukipungua, mpeleke hospitali leo pamoja na chupa."

Na baada ya wiki chache kuna swali ambalo wanahabari na wasikilizaji tunatakiwa kuliuliza mamlaka: chupa ngapi ziliingia nchini, na ngapi zimerudi? Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo idadi ya chupa ambazo ama zimeshanywewa, ama bado ziko kabatini.