Ndoa ya jamaa, ya Kanisa na ya Leta

Vijana wengi wa parokia zetu, hapa Wamaza na kwingineko Kasongo na Kabambare, huamini kwamba waliofunga ndoa kanisani na kuandikwa katika kitabu cha parokia hawana tena la kutafuta ofisini. Mbele ya Kanisa ndoa hiyo ni kamili. Mbele ya Leta ni jambo lingine. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, haiipi ndoa ya dini peke yake nguvu yoyote ya kiraia, iwe imefungwa na padri, na mchungaji, au iwe nikahi ya jirani zetu Waislamu.

Ajabu ni kwamba ndoa ya desturi, ambayo wengine wetu huiona kama utangulizi tu, ndiyo iliyo karibu zaidi na sheria. Wachumba wakiwa na miaka 18, wamekubali kwa hiari, hakuna aliyefungwa na ndoa nyingine, na walau sehemu ya mali imetolewa, wameoana kweli. Ila ndoa hiyo haina nguvu juu ya watu wengine mpaka iandikwe.

Tuseme mali imepokelewa tarehe 3 Juni. Sheria inawapa mwezi mmoja: kabla ya tarehe 3 Julai wafike kwa afisa wa etasivili, kila mmoja na shahidi wake. Ataandika majina yao, umri, wazazi, makao, na mali iliyopatanwa. Wasiopitia njia hiyo huweza kufunga ndoa mbele ya afisa mwenyewe, baada ya matangazo.

Kinachochelewesha wengi ni suti, karamu na deni la mali. Sheria haidai suti wala karamu, na deni la mali halizuii kuandikishwa. Kwa hiyo tunaona wazazi wanaomzuia binti yao kwenda ofisini mpaka mbuzi wa mwisho afike wanamdhuru wao wenyewe.

Maana mume akifa, watoto aliowatambua hupata robo tatu za urithi. Robo iliyobaki ni ya kundi ambamo mjane yumo pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Ndugu hao wakimkana, parokia itamshuhudia, lakini cheti chake si hati ya ndoa ya Leta. Na mume akiwa hai, anaweza kwenda Kindu na kujitangaza kapera mbele ya afisa mwingine, kwa kuwa hakuna kitabu cha Leta kinachomkanusha.

Kanisa lenyewe halipuuzi jambo hili: kanuni ya 1071 humtaka padri apate ruhusa ya askofu kabla ya kufungisha ndoa isiyoweza kutambuliwa na sheria ya nchi. Tungependa basi, majina yanapoanza kutangazwa kanisani, padri aulize pia hati ya etasivili iko wapi.