Umedumaa au umechoka?

Miezi michache iliyopita jamaa niliyesoma naye chuo alinipigia simu. Anaacha kuandika programu, anaenda kufuga kuku. Nikamuuliza: lini ulilala mara ya mwisho bila simu ya zamu kando ya kitanda? Hakukumbuka.

Mimi nilikuwa nimepitia kitu kinachofanana na hicho, nikadhani ni ugonjwa uleule. Siku moja niliandika amri hii:

```
git log --author="$(git config user.email)" --since="1 year ago" --oneline
```

Mwaka mzima ulikuwa ni kurekebisha sehemu ileile ya malipo, na orodha ya mwaka uliotangulia ilikuwa karibu sawa. Lakini nilikuwa nalala vizuri, na Jumamosi nilikaa hadi usiku nikijifunza Rust kwa hiari yangu. Huko ni kudumaa. Hamu ipo, ila kazi haina tena cha kuila.

Jamaa yangu alikuwa tofauti. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, haliiti uchovu huu ugonjwa bali hali inayotokana na kazi. Linataja mambo matatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona huiwezi tena. Yeye alikuwa nayo yote. Hata mpira alikuwa haangalii, na huyu ni mtu wa Gor Mahia damu!

Kwa hiyo nilimwambia asiandike barua ya kuacha kazi kwanza. Mtu aliyechoka hivyo huona kila kazi ya zamani ni mbaya na kila ya mbali ni nzuri, kuku wakiwemo (waulize wafugaji bei ya chakula chao). Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Alikuwa hajagusa zake. Simu ya zamu akamkabidhi mwenzake kabisa, maana likizo ya kujibu ujumbe si likizo.

Wiki ya kwanza alilala tu. Ya tatu alianza kuniuliza maswali ya hifadhidata, nikajua fani haikuwa tatizo. Lakini alipofikiria zamu za usiku, tumbo lilimkaza. Basi alichohitaji ni kubadilishiwa nafasi, na bosi akamhamishia timu isiyo na zamu. Angekataliwa, angetafuta kampuni nyingine. Kubadili fani ningekufikiria tu kama angepumzika, akapewa kazi mpya isiyo na zamu, na bado asitake kufungua msimbo.

Kwangu mimi likizo isingesaidia kitu. Ningerudi Jumatatu nikakuta malipo yaleyale. Niliomba mradi mwingine, nikanyimwa, nikahama.

Kuku bado hajanunua.