WIMBO WA NYUMBA UMFUATE MTOTO WA MWISHO

TUANZE na mbio za mita 1,500. Siku ya michezo katika shule moja ya msingi kule Msowero, Kilosa, mstari ulikuwa umechorwa kwa majivu, mzunguko mmoja kama mita 300, kwa hiyo watoto walitakiwa kuzunguka mara tano. Nyumba zilikuwa nne. Nyimbo zilikuwa nne. Ngoma ilikuwa moja tu, ndoo ya plastiki iliyogeuzwa.

Mshindi alipokata utepe, nyumba yake ililipuka. Wakamkimbilia, wakambeba, wakaondoka naye uwanjani. Sawa, hata Kwa Mkapa tunafanya hivyo. Lakini nyuma kulikuwa bado na watoto wawili, kila mmoja akiwa na raundi nzima mbele yake. Wa kwanza kati yao alikuwa wa nyumba ileile ya mshindi. Alisikia wimbo wao ukikatika. Akatembea hatua chache, akashika kiuno, akatoka nje ya mstari. Yule wa mwisho kabisa alikuwa wa nyumba nyingine, na nyumba yake haikunyamaza. Wenzake walimfuata pembeni ya mstari wakipiga makofi taratibu, wakimuita na kujiitikia, mpaka akamaliza.

Kwa hesabu ya karatasi, nyumba ya kwanza ilishinda. Kwa maoni ya ukurasa huu, wimbo ulioshinda ni ule wa pili. Na tunapoelekea msimu mwingine wa michezo ya shule, ambako nyumba ndizo zinazotoa wachezaji wa timu ya shule, kisha kata, kisha wilaya hadi UMITASHUMTA, tunaomba walimu wa michezo waanze kuzitazama nyimbo hizi kama wanavyotazama mbio zenyewe.

Nyumba tunazozisema ni yale makundi ya wanafunzi yanayoshindana ndani ya shule. Wengine huita hausi, na shule za bweni mara nyingi hutumia mabweni. Mwanafunzi hachagui, anapangiwa. Hapo ndipo wimbo unapokuwa na kazi, maana kundi lililopangwa na mwalimu kwenye daftari halijawa timu bado. Linakuwa timu pale watoto 80 wanapotamka neno moja kwa wakati mmoja.

Sasa wimbo wa namna hiyo unatengenezwaje? Msingi wake kila Mtanzania aliyesoma shule ya msingi anao miguuni: ni mchakamchaka. Kiongozi anatupa mstari, kundi linajibu, na jibu linaangukia mguu wa kushoto. Tuchukue mfano tuliotunga wenyewe hapa mezani, kwa nyumba tutakayoiita Wami:

Kiongozi: Wami ee!
Wote: Tupo!
Kiongozi: Mbele yupo nani?
Wote: Ni wetu!
Kiongozi: Nyuma yupo nani?
Wote: Ni wetu!
Kiongozi: Akichoka je?
Wote: Twende naye!

Ni wimbo mdogo, lakini tazama unavyofanya kazi. Majibu ni mafupi kwa makusudi. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuyashika akisikia mara moja, na aliyekimbia sasa hivi akarudi akihema bado anaweza kuyatamka. Maneno marefu yote amebeba kiongozi. Kiswahili chetu nacho kinasaidia, kwa sababu mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: TU-po, WE-tu, NA-ye. Kofi lipigwe hapohapo. Likipigwa kwenye silabi ya mwisho, wimbo unachechemea na watoto wanaanza kutazamana.

Ukibadilisha jina la nyumba, usilipachike tu. "Wami ee" ni fupi na ina mahali pa kuvuta. Weka "Ukaguru ee" palepale bila kurekebisha, na jina litakuwa refu kuliko nafasi yake. Wenye haraka watajibu kabla kiongozi hajamaliza. Dawa yake ni kuondoa ile "ee" na kuacha "Ukaguru!" peke yake, mkazo ukiwa kwenye GU.

Tatizo kubwa la pili ni mwendo. Furaha ikipanda, makofi yanakimbia. Njia ya kujua ni rahisi: tazama saa, hesabu makofi kwa sekunde 15. Ukipata 30, ni makofi 120 kwa dakika, na hapo maneno yanasikika vizuri. Ukipata 40, tayari maneno yanamezwa, kinachobaki ni kelele. Asiye na saa amtume mtoto mmoja upande wa pili wa uwanja. Akirudi bila kuweza kusema kilichoimbwa, mmekimbia mno.

Sauti nayo hivyohivyo. Viongozi wengi huanzia juu kwa sababu wana moto. Dakika mbili baadaye wadogo wanapiga yowe na wavulana wakubwa, ambao sauti zinavunjika, wamenyamaza. Mwalimu mmoja wa michezo alinicheka nilipomuuliza kwa nini anawaanzisha chini. "Ukianzia darini, kaka, utapanda wapi?" Alikuwa pia na viongozi wawili wanaopokezana, ili mmoja akiishiwa pumzi wimbo usife. Mita 100 huhitaji jina la nyumba na makofi tu, maana zimekwisha kabla hujafika ubeti wa pili. Mita 1,500 ndizo zinazoonyesha kama wimbo una mapafu. Na kwenye mstari wa kuanzia, nyumba zote kimya mpaka filimbi ilie. Mtoto asiyesikia filimbi ameshachelewa.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa Simba na Yanga mtalitambua mara moja. Umewahi kukaa upande mmoja wa uwanja mkubwa, ukasikia wenzako wa upande wa pili wanaimba wimbo uleule lakini kama wamechelewa? Hawajachelewa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Uwanja wenye urefu wa mita 100 unaichukua karibu theluthi ya sekunde kuvuka. Kwa makofi 120 kwa dakika, kofi moja na jingine vinaachana nusu sekunde. Kwa hiyo kofi la goli la kaskazini linamfikia wa goli la kusini likiwa limeshapita katikati ya kofi lake. Yeye akilifuata kwa sikio, anawarudishia wa kaskazini likiwa limechelewa maradufu.

Ndiyo maana nyumba iliyotawanyika uwanja mzima haiwezi kuimba pamoja hata ikifanya mazoezi mwezi mzima. Isimame mahali pamoja, au kama ni lazima kuzunguka na mkimbiaji, itume kikosi kidogo cha watoto kumi na wengine wanyamaze mpaka kikosi kiwafikie. Na wote wafuate mkono wa kiongozi kwa macho, wasifuate ndoo kwa masikio. Spika kubwa ya kukodi haitatui hili. Inafunika tu, na mtoto aliye nyuma anasikia bongofleva badala ya jina lake.

Kwa nini tunaling'ang'ania hili Kilosa? Kwa sababu neno umoja, kwa wilaya ile, lina gharama inayojulikana. Desemba 2000, mapigano ya wakulima na wafugaji pale Rudewa Mbuyuni yaliua watu zaidi ya 30. Rudewa na Msowero ziko kwenye barabara moja ya kutoka Dumila kwenda mjini Kilosa. Madarasa ya ukanda ule yana watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji, Wakaguru, Wasagara, Wamasai na wengine, na wazazi wao huweza kuwa na kesi ya shamba au ya ng'ombe wiki hiyohiyo ya michezo.

Katika mazingira hayo, kuna maamuzi mawili ya mwalimu yanayobeba uzito. La kwanza ni kupanga nyumba. Zikipangwa kwa kitongoji kwa sababu ni rahisi, umewapa watoto ugomvi wa wakubwa pamoja na wimbo wa kuuimbia. Zipangwe kwa kuhesabu: wapange mstari, mmoja, wawili, watatu, wanne, kisha waanze upya. La pili ni maneno. Sisi wa soka tunaishi kwa utani, na watani wa jadi wamekuwa wakichokonoana tangu miaka ya 1930. Lakini shabiki wa Yanga akimtania wa Simba, kila mmoja amechagua jezi yake. Mtoto hakuchagua nyumba wala kabila. Mstari unaomtania mpinzani kwa kushindwa kuruka kamba unaweza kupita. Mstari unaogusa chakula cha kwao, mavazi ya kwao au mifugo ya kwao ukatwe siku ya mazoezi, si siku ya michezo mbele ya wazazi.

Kuna kitu kizuri zaidi ya kukataza. Uimbaji wa Kimasai una kiongozi mmoja juu na kundi linalounguruma chini yake bila maneno. Mlio ule chini ya "Ni wetu" unaipa nyumba msingi mzito ambao ndoo haiwezi kuutoa. Juu yake weka makofi ya ngoma wanazozijua watoto wa Kikaguru. Hapo huhitaji kuhubiri umoja, kwa sababu mtoto mmoja akikosekana wimbo unapungua na kila mtu anasikia.

Pendekezo letu ni dogo na halina bajeti. Ushangiliaji upewe pointi kumi katika jumla ya siku. Nne ziwe za kuimba pamoja na maneno kusikika upande wa pili. Sita ziwe za jambo moja tu: nyumba iliendelea kuimba mpaka mkimbiaji wake wa mwisho alipovuka mstari? Asiyetoa jibu la ndiyo kwa mbio zote apoteze zote sita. Nyumba itakayotukana isipate hata moja kati ya kumi. Mwamuzi wa ushangiliaji awe mwalimu asiye na nyumba, akae upande wa pili wa uwanja na daftari lake.

Najua wapo watakaosema pointi za nyimbo zitampokonya ubingwa aliyekimbia kwa kasi. Hazitampokonya. Medali ya mita 1,500 ni yake, hakuna wimbo unaoigusa. Tunachokipima ni nyumba, na nyumba ina watoto 80.

Yule aliyetoka nje ya mstari nilimkuta baadaye chini ya mwembe, amevua kiatu kimoja. Nilimuuliza kama aliumia. Akasema hapana, alidhani mbio zimeisha.