Usifute memori kadi kabla ya kuhesabu picha

Familia nyingi zilizohamia Dodoma tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko zimebadilisha simu mara kadhaa. Picha za harusi, za watoto na za wazee waliokwishafariki zimebaki kwenye simu za zamani, kompyuta mpakato na memori kadi. Kuzikusanya kwenye diski ya mtandao, yaani diski iliyounganishwa na ruta ya nyumbani ili kila mmoja aione, si kazi ngumu. Hatari ipo katika kufuta mapema.

Chukua mfano wa mama wa Nkuhungu mwenye kadi ya mwaka 2014, yenye picha za mwisho za bibi aliyezikwa Kongwa. Njia ya haraka ni kumtumia binti yake picha hizo kwa WhatsApp, kisha zihifadhiwe. Lakini picha iliyotumwa hivyo kwa kawaida hupunguzwa ukubwa na kupoteza tarehe iliyopigwa. Jina kama IMG-20240312-WA0007 linaonyesha siku iliyopita WhatsApp, si siku ambayo bibi alikaa mbele ya kamera. Ni bora kadi ichomekwe kwenye kompyuta na folda ya DCIM inakiliwe yote. Kompyuta ikiomba kufanya Format, ikataliwe, kwani kukubali ni kuiandaa kadi upya kana kwamba ni tupu.

Kwenye diski, kila kifaa kipewe folda yake, mfano "kadi-ya-mama-2014". Kupanga kwa matukio kutafuata baadaye. Achague Copy, asichague Cut, ili picha za awali zibaki kwenye kadi. Kama picha ni nyingi, kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, maana Wi-Fi ikiyumba kazi hukatika.

Baada ya hapo ahesabu. Abonyeze Properties kwenye folda ya kadi, kisha kwenye folda ya diski, alinganishe idadi ya mafaili na Size. Tuseme kadi ina picha 1,240 na diski ina 1,187 kwa sababu umeme ulikatika. Akinakili upya na kuruka zilizokwisha kuingia, picha iliyokatikia njiani inaweza kurukwa pia, kwa kuwa jina lake tayari lipo. Picha ya namna hiyo hutambulika ikifunguliwa: juu huonekana uso, chini ni kijivu kitupu. Kwa hiyo afute folda ile ya diski na aanze upya. Namba zikilingana, afungue picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho.

Hata hivyo, diski moja huharibiwa na radi au hubebwa na mwizi. Nakala ya pili iwekwe kwenye diski nyingine, ikakae kwa shangazi au mjomba. Hapo ndipo kadi inaweza kufutwa.