Tahadhari: Karatasi ya Machi Haisemi Habari za Agosti

Usiache dawa. Kama majibu yako ya kipimo cha wingi wa virusi yamesema VVU havionekani, na moyoni umeanza kujiuliza kidonge cha kila usiku ni cha nini tena, soma kwanza hadi mwisho. Na kama kopo limeshakaa kabatini wiki kadhaa, lipo la kufanya leo, wala si kesho kutwa.

Hatari ninayoisema haiwanasi wazembe. Inawanasa waliomeza vizuri kwa miaka, wakapata majibu mazuri mfululizo, kisha wakayasoma majibu hayo kama cheti cha kupona.

Chukua mfano wa fundi seremala mmoja, tumwite Baba Zawadi. Alianza TLD mwaka 2019, damu yake ikiwa na nakala 92,000 za virusi kwa mililita moja. Baada ya miezi 6 zilikuwa chini ya 50. Kipimo kilichofuata kilisema havionekani, na tangu hapo kila Machi alikuwa akitolewa damu na kupewa jibu lile lile. Mkewe hakuwa na VVU na hali ya mumewe aliijua. Mwaka 2021 wakaacha kondomu baada ya kuelezwa kliniki kuwa mtu anayemeza dawa zake na virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Maelezo hayo yalikuwa sahihi.

Machi 2024 jibu lilikuwa zuri kama kawaida. Aprili jirani akamsimulia jinsi fulani alivyoombewa akapona, naye akaona hata yeye karatasi inamshuhudia. Akaacha. Mei hakusikia kitu. Juni alikuwa mzima, anapiga randa tangu asubuhi. Agosti mkewe alipokuta kopo limejaa akauliza kulikoni, naye akaitoa ile karatasi: “Mama Zawadi, soma mwenyewe. Havionekani.”

Karatasi haikusema uongo. Ilisema kweli juu ya damu iliyotolewa siku moja ya Machi, wakati mwenye damu anameza dawa. Juu ya Agosti haikuwa na neno. Alipopimwa wiki hiyo alikutwa na nakala 64,000, na kwa muda wote huo nyumba ilikuwa inalala bila kinga.

Ili kuelewa yaliyompata, jua kwanza kipimo kinahesabu nini. Kinahesabu virusi vinavyoelea kwenye damu. Vile vilivyojificha ndani ya chembe za kinga zilizolala, vikiwa vimejisokota katika vinasaba vyake, havihesabiwi. Dawa huzuia virusi kuzaliana, ila vilivyolala haivigusi. Ndiyo maana watu wa kliniki husema virusi “vimefubaa”, hawasemi vimekufa. Ni kaa lililofunikwa majivu: jiko linaonekana limezimika mpaka uyafukue. Kwa walio wengi, wiki 2 hadi 4 baada ya kuacha dawa zinatosha virusi kurudi kwenye damu. Mara nyingi vinarudi kimya, bila homa wala upele wa kukushtua.

Wapo ambao hukawia, na hao ndio hupotosha wengine. Huko Mississippi, Marekani, mtoto aliyezaliwa na VVU mwaka 2010 alianzishiwa dawa mapema sana baada ya kuzaliwa, kisha baadaye akazikosa. Alikaa zaidi ya miaka 2 bila dawa na vipimo havikuona virusi. Madaktari wakatangaza matumaini. Julai 2014 virusi vikaonekana tena. Ikiwa maabara za wabobezi zilipitwa na kaa lile, karatasi yako ya mwaka haiwezi kukuhakikishia kuwa jiko limezimika.

Sisi pia tuna somo letu. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, na wapo walioacha ARV kwa kuamini wamepona. Virusi havikuacha kazi yake kwa sababu ya kikombe.

Sasa isome karatasi yako kama inavyopaswa kusomwa. “Havionekani” maana yake virusi ni vichache kiasi kwamba mashine haivikuti. Ukiendelea kumeza, humwambukizi mwenzi wako kwa ngono. Vikionekana lakini visizidi nakala 1,000, Shirika la Afya Duniani linasema uwezekano wa kumwambukiza mwenzi ni karibu na sifuri. Namba ndogo iliyojitokeza mara moja na kushuka tena haina maana kwamba dawa imeshindwa. Ila ukiona inapanda kipimo hadi kipimo, uliza. Ikizidi 1,000, utapewa ushauri wa ufuasi wa dawa na kurudia kipimo baada ya miezi 3 hivi, kabla mtu hajafikiria kukubadilishia dawa. Kwa mama anayenyonyesha, dawa hupunguza sana hatari kwa mtoto lakini haiifikishi sifuri, kwa hiyo naye afuate ratiba yake ya vipimo bila kuruka.

Namba inaweza kupanda hata kwa anayemeza kila siku. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu hunasa tumboni moja ya dawa zilizomo ndani ya TLD isiingie mwilini. Meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huhitaji kidonge cha nyongeza saa 12 baada ya TLD, kwa sababu rifampisini huiondoa dawa hiyo haraka mwilini. Mwambie mhudumu kila unachomeza, hata ulichonunua duka la dawa la mtaani.

Kama umeshaacha, fanya hivi. Nenda CTC leo, au ingia kliniki yoyote ya VVU iliyo karibu ukiwa safarini. Usimeze viwili viwili kufidia siku zilizopita, wala usiazime kopo la mwenzako. Sema ukweli ni muda gani hukumeza. Ukiwa umekaa miezi, wanapaswa kupima CD4, na ikiwa chini ya 200 watafute kifua kikuu na fangasi wa ubongo kabla havijakuangusha. Kama una homa ya ini B, sema pia, kwa kuwa TLD ndiyo iliyokuwa inaishikilia, na kuiacha ghafla kunaweza kuliwasha ini.

Rudisheni kondomu usiku huu huu, mpaka kipimo kipya kiseme virusi havionekani. Mwenzi asiye na VVU akapime. Kama mlikutana ndani ya saa 72 zilizopita, awahi dawa za kinga, ambazo humezwa kwa siku 28. Saa hizo 72 zikipita, dawa hizo hazitamsaidia tena.

Baba Zawadi akirudi kwenye dawa, yaelekea virusi vyake vitafubaa upya, kama kwa wengi wanaorudi mapema. Majibu ya mkewe, yakitoka mabaya, hayawezi kurudishwa nyuma.

Kwa hiyo fungua kabati sasa hivi. Kama kopo lina vidonge vingi kuliko siku zilizobaki kabla ya kliniki, usiitazame karatasi. Vihesabu, kisha uende navyo CTC.